Ndoo Ilipoondoka Mezani

Katika hoteli za Lubumbashi, meza ya omleti ndiyo sehemu pekee ya chai ya asubuhi inayopikwa mbele ya macho ya mgeni. Mkate umeokwa nyuma, maharage yameletwa yameiva, mapapai yamekatwa tangu alfajiri. Yai peke yake ndilo linalopikwa huku mlaji amesimama na sahani mkononi, anatazama saa, na gari la kumpeleka mgodini limekwisha kuwashwa nje. Nimesimama nyuma ya meza hiyo miaka mingi. Ushuhuda ninaoutoa ni wa badiliko moja tu: ndoo ya mayai iliondoka, na kila kitu kilichokuwa kimeshikamana nayo kikaondoka pia.

Kwa asiyeijua kazi hii, ndoo ilikuwa hivi. Kabla ya jua kutoka, watu wawili walipasua trei mbili, yaani mayai 60, ndani ya ndoo nyeupe yenye mfuniko. Wakatia chumvi na maziwa, wakapiga kwa mashine mpaka povu likapanda, wakaiweka ndoo pembeni mwa jiko ili mpishi asihangaike kuinama. Mlango ulipofunguliwa, mpishi alichota kwa upawa na kumimina. Ndoo ilipofika nusu, mtu alipasua trei nyingine akaongezea juu yake, na hivyo hivyo mpaka saa nne. Hakuna aliyekuwa mzembe. Ndivyo tulivyoikuta kazi, na sababu yake ilikuwa moja: haraka. Watu 100 hawawezi kusubiri upasue yai mbele ya kila mmoja.

Aliyetubadilisha alikuwa mama mmoja aliyekuja kuongoza jiko baada ya kupikia wachimbaji kule Kolwezi kwa muda mrefu. Sote tulimwita Mama Shefu. Alikuja mwezi wa kumi, wakati Lubumbashi inachemka na mvua bado haijaanguka. Siku za kwanza hakusema kitu, alisimama tu pembeni anatazama. Kisha asubuhi moja, katikati ya kazi, akatoa kipimajoto chenye sindano mfukoni mwa aproni, akakitumbukiza ndani ya ndoo, akasubiri, akanigeuzia nisome. Nyuzi 27.

“Mwanangu,” akasema, “mayai haya yalipasuliwa saa ngapi?”

Nikamwambia kwamba ya juu yamepasuliwa sasa hivi.

“Na ya chini?”

Ya chini hayakuwa na saa. Yaliongezewa juu ya mengine yaliyoongezewa juu ya mengine. Ndoo haikuwahi kuwa tupu toka mlango ulipofunguliwa.

Alichotufundisha baadaye, jioni, akiwa amekaa juu ya kreti ya soda, nitakieleza kama nilivyokielewa. Kuna kuku wanaobeba bakteria aitwaye salmonela ndani ya mwili, wala hawaonekani wagonjwa. Bakteria huyo anaweza kuingia ndani ya yai kabla ganda halijajengwa. Kwa hiyo ganda safi lisilo na ufa halithibitishi kitu. Ila yai zima lina ulinzi wake: ute mweupe una vitu vinavyozuia bakteria wasistawi, na kiini, ambacho ndicho chakula chao, kimefungwa ndani ya utando. Ukilipasua na kulipiga, umeuvunja ulinzi huo kwa mkono wako. Sasa bakteria na chakula chake wako pamoja, na ukiwapa joto umewaandalia karamu. Kwenye friji ya nyuzi 4 karibu wanasimama. Kwenye joto la mwili wa binadamu wanaweza kuongezeka maradufu kwa nusu saa au chini ya hapo. Nyuzi 27 pembeni mwa jiko ziko upande wa karamu.

Tena ni hesabu ya watu. Yai moja bovu kati ya mayai 60 likipigwa ndani ya ndoo, halibaki yai moja. Omleti 30 zote zinalo. Na ukiongezea trei juu ya mabaki, unampa mgeni wa saa tatu kile kilichoanza kukua saa kumi na mbili.

Mwenzangu mmoja akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: mbona miaka yote hakuna mgeni aliyewahi kulalamika? Mama Shefu alicheka. Ugonjwa huu unaanza saa 6 mpaka siku 3 baada ya kula. Wageni wetu wanakunywa chai, wanakwenda uwanja wa ndege wa Luano, jioni wako Kinshasa au Johannesburg. Tumbo likiwakata usiku watalaumu chakula cha ndegeni. Nani atapiga simu Lubumbashi kuuliza habari za omleti ya juzi? Kimya cha mgeni, akasema, si cheti.

Kesho yake ndoo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na jagi ndogo ya chuma iliyokaa ndani ya bakuli la barafu, na kando yake upawa mdogo wenye mstari. Mayai mazima yalibaki kwenye friji na kuletwa trei moja moja. Kijana mmoja aliwekwa nyuma yangu, kazi yake kupasua tu. Mayai 12 kwa jagi, omleti 6. Jagi ikiisha inaondoka kwenda kuoshwa na inakuja nyingine. Hakuna kuongezea. Hilo la kuongezea ndilo alilolikazia kuliko yote: unaweza kukosea barafu ukasahihisha, lakini jagi iliyoongezewa haina tena mwanzo wala mwisho.

Nilikuwa na hakika foleni itafika mlangoni. Na kwa siku chache ilifika kweli, kwa sababu mikono yetu ilikuwa bado imezoea ndoo. Kisha ikaanza kupungua kuliko zamani, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba ndoo haikuwa haraka hata kidogo. Siri ilikuwa kwenye upawa.

Yai la kawaida la trei, likitolewa ganda, lina gramu 50 hivi. Mawili ni gramu 100, nayo yanajaa upawa wa mililita 100. Ukimimina kiasi hicho kwenye kikaango chenye kitako cha sentimita 20, yai linatandaa kwa unene wa milimita 3 tu. Kitu chembamba hivyo kinaiva mpaka juu upesi bila chini kuungua. Upawa wetu wa zamani ulikuwa mkubwa, na kila mpishi alichota kwa jicho lake. Mara mayai mawili, mara matatu, kwa mgeni mwenye kitambi hata manne. Mayai matatu kwenye kikaango kile kile ni unene wa milimita 5. Sasa chini kunakuwa kahawia na katikati bado ni uji, basi unaongeza moto, kunaungua, unapunguza, unasubiri. Mgeni anaona unapika. Kumbe unarekebisha. Kipimo kile kile kilichozuia hasara ndicho kilichofanya omleti iive haraka, na ndicho kilichofanya iive kweli hadi ndani. Nilikuwa nimedhani hayo ni mambo matatu.

Mhasibu naye aliielewa kwa njia yake. Omleti 120 kwa asubuhi, kila moja ikizidi nusu yai, ni mayai 60, trei mbili nzima. Ile ndoo ya alfajiri yote ilikuwa ya kuongezea watu ambao hawakuomba.

Hapa kuna jambo dogo lililotusumbua. Mashine ya kupigia inajaza hewa, na povu linaudanganya upawa: unachota mstari kamili, lakini nusu yake ni upepo, na omleti inatoka imesinyaa. Tukaacha mashine. Mayai 12 yanapigwa kwa uma mpaka mistari ya ute mweupe isionekane, basi. Yule kijana hupasulia kila yai kwanza ndani ya kikombe, akilitazama na kulinusa, ndipo anamimina kwenye jagi. Analigonga juu ya ubao bapa, si kwenye ukingo wa jagi, maana ukingo unasukuma vipande vya ganda ndani na uchafu wa nje ya ganda unabaki pale pale ambapo yai la watu litapita. Maganda yanaingia kwenye pipa lake, naye haruhusiwi kugusa sahani wala jibini. Kuhusu glavu, Mama Shefu alikuwa mkali: glavu inamfanya mtu asahau kwamba mkono wake una yai bichi. Alitaka mikono mitupu, sabuni, na maji yanayotiririka karibu.

Omleti moja inakwenda hivi. Kikaango kiko motoni kimekwisha kupata joto, kijiko kidogo cha mafuta na siagi kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Siagi inatoa povu, povu likianza kutulia ndipo unamimina; ukiwahi yai litanata, ukichelewa litapata rangi. Mwiko laini unavuta kingo kuja katikati huku mkono mwingine unainamisha kikaango ili yai bichi likimbilie pembeni. Sekunde 20 au 25. Ukiona juu kumebaki unyevu tu usiotembea, unaweka viungo upande mmoja, unaacha kidogo, unakunja, unahesabu tena pumzi chache, unapindulia kwenye sahani. Yote hayafiki dakika moja na nusu. Vikaango viwili, cha pili kinaanza cha kwanza kinapokunjwa, na mgeni mmoja anaondoka na sahani yake kila dakika moja au pungufu. Kikaango cha tatu tulikijaribu. Mtu mmoja hawezi kutazama vitatu na bado akamsikiliza mgeni, kimoja kitaungua tu.

Na kusikiliza ndiko kunakokula muda kuliko moto. Zamani tulikuwa na mabakuli kumi na kitu ya viungo, na mgeni alisimama mbele yake kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Sasa ni sita: kitunguu, nyanya, pilipili tamu, hamu, jibini, na uyoga, ambao sisi huku tunauita bowa. Kitunguu na bowa vimekaangwa tangu mapema. Uyoga mbichi ukiingia ndani ya omleti unatoa maji, na maji hayo yanalowesha yai na kulichelewesha. Unaona omleti inalia kwenye sahani. Nyanya inatolewa mbegu kwa sababu hiyo hiyo. Kila bakuli lina kijiko chake, na vyote pamoja visipite vijiko viwili vya kulia chakula kwa omleti. Zaidi ya hapo haikunjiki, inapasuka, na viungo vya baridi vinashusha joto la yai katikati kabisa, mahali ambapo huoni. Jibini na hamu nazo zinakaa juu ya barafu. Kuna mgeni wa kutoka Pweto aliyekuwa anakuja na dagaa wake kwenye karatasi, wamekaangwa. Huyo nilimpikia, na harufu yake iliwafanya Wahindi wawili waulize ni kitu gani kile.

Swali ninaloulizwa sana ni la omleti laini, ile ya kuteleza ndani, ambayo Wabelgiji na wenyeji waliosoma kwao wanaipenda. Yai lililochanganywa na mengine kwenye jagi silitoi likiwa laini. Lazima juu kuwe kumeganda, na tulipokuwa tunajifunza tulichoma sindano ya kipimajoto katikati ya mkunjo mpaka tukazoea nyuzi 70 zinafananaje kwa macho. Anayetaka laini, namwambia, “Muzee, nipatie dakika mbili,” namvunjia mayai yake mwenyewe mawili kutoka kwenye friji, kwenye bakuli lake, na yanaingia motoni papo hapo. Hatari haijaisha, ila imebaki ya mayai mawili na mtu mmoja aliyechagua. Mama mjamzito, mtoto, na mzee dhaifu simpikii laini hata akiomba.

Wapo wanaobisha. Mzungu mmoja aliniambia kwao Uingereza hata wajawazito wanaruhusiwa kula yai laini. Ni kweli, mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ilibadilisha ushauri wake, lakini kwa mayai yenye mhuri wa simba peke yake, yanayotoka kwa kuku waliochanjwa dhidi ya salmonela. Nikamwonyesha trei yangu. Mengi ya mayai ya Lubumbashi yanavuka Kasumbalesa kutoka Zambia, na kwenye ganda hakuna mhuri wa simba wala wa paka.

Safari hiyo ya barabara nayo inasema kitu. Malori yanaweza kulala mpakani, juani, na yai likikaa kwenye joto linazeeka haraka. Kila shehena ikifika tunapasua moja juu ya sahani bapa. Yai jipya, kiini kimesimama na ute umekizunguka mnene. La zamani linatandaa kama maji na kiini kinalala bapa, kinapasuka kwa kuguswa. Hilo halina maana kwamba lina ugonjwa, na yai jipya kabisa linaweza kuwa nao. Ila linaniambia trei hii niipeleke kwenye omleti, na zile nzuri niziwekee wanaotaka yai la jicho, ambalo likitandaa haliuziki. Yenye ufa tunayatupa. Hatuoshi mayai kwa maji ya baridi, kwa sababu ganda lina vitundu, na yai lenye joto likiingia kwenye maji ya baridi linavuta uchafu kuingia ndani. Na trei ikishatoka kwenye friji ikatoa jasho, hairudi.

Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka wake nasi kwa siku chache, kwa ule ugomvi wa bia na soda, mayai yaliadimika sokoni na bei ikaruka. Tulinunua ya wafugaji wa karibu, madogo, mengine hayafiki gramu 40 bila ganda. Mpishi aliyezoea kuhesabu “mawili mawili” angempunjia mgeni. Upawa haukujali. Jagi ikataka mayai 15 badala ya 12, mstari ukabaki ule ule, unene wa omleti ule ule, na muda wa kikaango ule ule.

Kipimo kikubwa kilikuwa mwezi wa sita, wiki ya maonyesho ya madini ya DRC Mining Week, ambapo Lubumbashi nzima hakuna chumba. Ni majira ya baridi. Asubuhi unatoka Katuba umejifunga kitenge juu ya koti. Mtu angedhani baridi itatusaidia, lakini jikoni, kwenye meza ya omleti, joto ni lile lile la moto. Wageni walishuka wote kwa pamoja, na kijana wangu akaanza kuangalia mlangoni kuliko ubao.

“Yaya, bantu beko banakuya!” akaniambia, na tayari mkono wake ulikuwa kwenye trei ya pili, anataka kuijaza jagi ambayo haijaisha.

Nikamwambia aipasulie kwenye jagi nyingine na aiache ndani ya friji mpaka zamu yake ifike. Katikati ya kazi Snel wakakata umeme. Jenereta iliwaka, lakini si mara moja, na tangu hapo tuna sheria: umeme ukikatika, mlango wa friji ya mayai unafunguliwa kwa ajili ya trei tu, na barafu inatoka kwenye friza la nyama, ambalo limejaa na linashika baridi muda mrefu. Jiko ni la gesi, kwa hiyo vikaango havikusimama. Foleni haikupita watu watano. Ukifika watano, yule mhudumu wa kahawa anajua kupita nyuma yao akiuliza kila mtu anataka nini, ili anayefika mbele asianze kufikiri hapo.

Kinachobaki cha ubishi ni mabaki. Saa nne ikifika, jagi iliyo mezani inamwagwa, hata kama ina pawa mbili tatu. Mhasibu hulisimamia hilo kwa uso wa msiba. Mwanzoni alipendekeza yaende kwenye keki ya mchana, kwa kuwa keki inaiva vizuri. Hoja yake si ya kipumbavu: jagi iliyokaa kwenye barafu na kupimwa chini ya nyuzi 5 ingefaa kabisa kwa keki. Tatizo ni kwamba barafu ya mwisho wa asubuhi mara nyingi ni maji, na hakuna anayepima wakati anafunga meza. Tulikubaliana kwamba mwenye kutaka mabaki aje na kipimajoto mwenyewe, asome, aandike saa kwenye karatasi na abandike kwenye jagi. Amekuja mara kadhaa. Mara nyingine hukuta nyuzi 4, anabeba jagi yake kwenda kwa waoka keki akiwa ameridhika, mara nyingine hukuta nyuzi 11, anatazama pembeni, na kijana anamwaga.